Namna ya Kuandika Ombi la Bei la Tovuti Mpya ya Shirika

Ombi la bei la kwanza nililoliandika kwa ajili ya tovuti ya shirika lilikuwa na ukurasa mmoja na nusu. Lilisema kwamba tunahitaji tovuti ya kisasa, yenye kuvutia na rahisi kutumia, likataja siku ya mwisho ya kupokea nukuu za bei, basi. Zilikuja nukuu saba. Ya chini kabisa ilikuwa shilingi 2,500,000 na ya juu kabisa shilingi 38,000,000, na katika wale saba hakuna aliyetudanganya, kwa sababu kila mmoja alikuwa ametaja bei ya kitu chake. Mmoja alihesabu kurasa tano, mwingine alidhani tunataka mfumo wa kupokea michango kwa simu, na wa tatu akaweka humo gharama ya mpiga picha. Kamati ilikaa mchana kutwa ikilinganisha maembe na mihogo.

Mwongozo huu unafuata ombi la pili, lililoandikwa na shirika lenye ofisi Mbarara linaloendesha mafunzo ya ushonaji na useremala katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Wengi wa wanafunzi wake wanatoka Kongo na Burundi, nao husoma Kiswahili kuliko Kiingereza. Tarakimu nimezirahisisha ili hesabu ifuatike.

Kwanza, hakikisheni kwamba ombi la bei ndilo mnalolihitaji

Ombi la bei hufaa pale mnunuzi anapojua anachokitaka na kilichobaki ni kujua nani atakitengeneza kwa gharama gani. Kama bado mnajiuliza iwapo mnahitaji tovuti au mfumo wa kusajili wanafunzi, basi ombeni mapendekezo, maana hapo mnanunua mawazo ya mtu pamoja na kazi yake, na bei peke yake haiwezi kuamua. Shirika la Mbarara lilikuwa na tovuti ya zamani, lilijua kasoro zake, na lilitaka mpya ya kuibadilisha. Hilo linatosha kuomba bei.

Hesabuni kilichopo kabla ya kumwandikia mtu yeyote

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoamua kama nukuu zitalinganika. Tovuti nyingi za mashirika yetu zimejengwa kwa WordPress, na WordPress tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020 hutengeneza yenyewe orodha ya kurasa zake zote za hadharani. Andikeni anwani hii kwenye kivinjari, mkiweka jina la tovuti yenu:

```
https://www.jina-lenu.org/wp-sitemap.xml
```

Orodha isipofunguka, huenda imezimwa au tovuti haitumii WordPress. Basi mtu akae, afungue ukurasa mmoja baada ya mwingine na kuuandika katika jedwali. Kwa kila ukurasa jedwali liseme jambo moja tu: unabaki kama ulivyo, unaandikwa upya, au unaachwa. Shirika letu lilikuta kurasa 41 na habari 120. Baada ya siku mbili za mabishano ya kirafiki zilibaki kurasa 18, nazo habari zote 120 zikaamuliwa kuhamishwa, kwa sababu wafadhili huzirejea wakitafuta ushahidi wa kazi ya miaka iliyopita. Bila hesabu hiyo kuhamisha habari kungebaki kuwa jambo ambalo kila msanidi wa tovuti analidhani kwa namna yake, na ndipo bei zinapoachana kwa mamilioni.

Hesabuni lugha vilevile. Kuandika tu kwamba tovuti iwe ya Kiingereza na Kiswahili hakutoshi. Msanidi asiyebanwa atabandika kitufe cha kutafsiri kwa mashine, kisha atasema Kiswahili kipo. Tovuti ya zamani ya shirika hili ilikuwa na kitufe cha namna hiyo, na mahali ambapo Kiingereza kilimwambia kijana atume ombi la kujiunga, Kiswahili chake kilisema "Tumia sasa". Atumie nini? Kwa hiyo ombi la pili lilieleza kwamba kurasa 12 kati ya 18 zitakuwa na Kiswahili kilichoandikwa na wafanyakazi wa shirika, na kwamba kazi ya msanidi ni kujenga tovuti inayobeba lugha mbili kikamilifu, pamoja na menyu, vitufe, fomu na ujumbe wa makosa. Hapo msanidi hana haja ya kukisia gharama ya mtafsiri.

Jueni nani anamiliki jina la kikoa

Kabla ombi halijatoka, tafuteni anayeshikilia jina la tovuti yenu. Kwa jina linaloishia na .or.ug au .org, fundi yeyote anaweza kutoa amri hii:

```
whois jina-lenu.or.ug
```

Majibu yataonyesha angalau tarehe ambayo usajili utakwisha na seva zinazolihudumia jina hilo, hata pale ambapo taarifa za mmiliki zimefichwa. Lakini kipimo cha kweli ni kingine: je, kuna mtu ofisini anayeweza kuingia kwenye akaunti ya usajili leo, kwa nywila yake mwenyewe? Kama hakuna, jina si lenu kwa vitendo, hata kama mmelilipia miaka kumi. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo jina lilisajiliwa kwa barua pepe binafsi ya kijana aliyejenga tovuti ya kwanza. Kijana akapata kazi nje ya nchi, tangazo la kulipia upya likamfikia yeye, nasi tulijua kuna tatizo siku ambayo tovuti na barua pepe zote za ofisi zilizimika kwa pamoja.

Jambo dogo linalosahaulika ni barua pepe ya akaunti hiyo. Iwe ya cheo na si ya mtu, lakini isiwe ndani ya kikoa kilekile inachokilinda, kwa sababu usajili ukiisha barua pepe nayo hufa, na ujumbe wa kurejesha nywila hautakuwa na pa kufikia.

Kama jina limekwama mikononi mwa mtu wa zamani, limalizeni hilo kwanza. Msanidi mpya hawezi kutoa bei ya ugomvi asioujua mwisho wake.

Andikeni kazi kwa maneno yanayopimika

Maneno "ya kisasa" na "yenye kasi" hayana bei. Shirika lilijua kwamba wasomaji wake wengi wako Nakivale, wanatumia simu za bei nafuu na bando la kununua kidogo kidogo. Likaandika hivi:

> Ukurasa wa mwanzo na ukurasa wa kuomba mafunzo, kila mmoja usizidi megabaiti 1 unapofunguliwa kwa mara ya kwanza kwenye simu. Picha zitakazopakiwa na wafanyakazi zipunguzwe ukubwa na mfumo wenyewe, bila kumtegemea mpakiaji.

Sentensi ya pili ndiyo yenye thamani zaidi. Picha moja ya simu ya siku hizi huweza kuwa na megabaiti nne au tano, na mfanyakazi aliyetoka uwandani jioni hatakaa kuipunguza. Tovuti inayokabidhiwa ikiwa nyepesi, lakini haina njia ya kupunguza picha yenyewe, hurudi kuwa nzito baada ya miezi michache. Uzito wa ukurasa unaweza kupimwa na mtu asiye fundi kwa PageSpeed Insights, chombo cha Google cha mtandaoni, nanyi mseme katika ombi kwamba hicho ndicho kipimo mtakachokitumia siku ya makabidhiano.

Kwa fomu ya kuomba mafunzo, elezeni taarifa zitakazokusanywa na zitakapokwenda. Hapa sheria inaingia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa ridhaa yake au kwa msingi mwingine unaokubalika kisheria, inaweka ulinzi wa ziada kwa taarifa za watoto, na inataka taarifa zinazohifadhiwa nje ya nchi zipate ulinzi unaolingana na ule wa hapa au ziwe na ridhaa ya mhusika. Huduma nyingi za seva zinazouzwa kwa bei nafuu ziko nje ya Uganda. Kwa hiyo ombi limtake msanidi aseme seva iko nchi gani, fomu iwe na mahali pa kutoa ridhaa, na taarifa ziwe zinaweza kufutwa baada ya muda mtakaoutaja. Shirika liliondoa pia swali la namba ya kadi ya mkimbizi lililokuwa kwenye fomu ya zamani. Hakuna aliyekumbuka liliwekwa kwa nini, na taarifa usiyokuwa nayo haiwezi kuvuja.

Kisha kuna kifungu cha umiliki. Nakiweka hapa chote, kwa kuwa nimekiona kikiokoa fedha zaidi ya kifungu kingine chochote:

> Jina la kikoa, akaunti ya seva na leseni zote za kulipia zitasajiliwa kwa jina la shirika tangu siku ya kwanza, na msanidi atapewa ruhusa ya kuzitumia kwa muda wa kazi. Msimbo uliotengenezwa kwa ajili ya tovuti hii, michoro yake na nakala rudufu ni mali ya shirika baada ya malipo. Msanidi aorodheshe kila kiolezo na programu jalizi ya kulipia anayokusudia kuitumia, pamoja na gharama yake ya kila mwaka.

Neno "leseni" lisidharauliwe. Wasanidi wengi hununua leseni moja inayoruhusiwa kwenye tovuti nyingi na kuwagawia wateja wao. Si wizi, lakini siku mtakapoachana masasisho yanakatika, na tovuti yenye programu jalizi zisizosasishwa ndiyo mawindo rahisi ya wavamizi.

Wajibu wenu nao uandikwe. Semeni maandishi ya Kiingereza yatakuwa tayari lini, ya Kiswahili lini, na ni nani mmoja mwenye kauli ya mwisho. Kwa niliyoyaona, kazi hizi huchelewa zaidi kwa sababu ya shirika kuliko msanidi, na msanidi mzoefu akiona hamkutaja tarehe zenu atapandisha bei ili kujikinga.

Tengenezeni jedwali la bei ninyi wenyewe

Msimwachie mzabuni kupanga bei apendavyo. Wekeni jedwali lenye mistari tayari, naye ajaze: usanifu wa kurasa 18, lugha ya pili kwa kurasa 12, kuhamisha habari 120, fomu ya maombi, mafunzo kwa wafanyakazi watatu, kikoa, seva na leseni kwa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, matengenezo kwa miaka hiyohiyo. Mstari wa mwisho uwe bei ya saa moja ya kazi ya ziada, kwa sababu kazi ya ziada haikosekani.

Miaka mitatu haikuchaguliwa ovyo. Bei ya kujenga huonekana mara moja, lakini anayetaka kushinda kwa bei ya chini huificha faida yake katika mwaka wa pili.

Upande wa kodi uelezwe kwa sentensi chache zisizo na utata. Mzabuni aliyesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ataongeza asilimia 18, na asiyesajiliwa haruhusiwi kuitoza. Shirika lisilosajiliwa kwa kodi hiyo haliwezi kuidai tena, hivyo kwake asilimia 18 ni gharama halisi. Bei zilinganishwe kwa kiasi kitakachotoka mfukoni, kodi ikiwemo. Na kama shirika lenu limo katika orodha ya wakala wa mamlaka ya mapato ya Uganda, URA, wa kukata kodi ya zuio, mtakata asilimia 6 kwa malipo ya huduma yanayozidi shilingi 1,000,000, isipokuwa mlipwaji awe na msamaha wa URA. Katika malipo ya shilingi 3,000,000 kwa kampuni ya ndani mtakata 180,000 na kumpa 2,820,000 pamoja na cheti cha kodi hiyo. Msipoliandika mapema, msanidi mchanga atadhani mmempunja, na kazi itaendelea kwa kinyongo.

Swali la iwapo bajeti itajwe huwagawa watu. Mimi ni wa wale wanaoitaja kama kiwango cha juu kabisa. Wapo wanaosema kwamba wote watapanda hadi hapo, lakini jedwali la mistari huonyesha nani amepanda bila sababu, na kampuni ambayo kazi yenu ni ndogo mno kwake haipotezi muda wake wala wenu.

Kutoa ombi na kujibu maswali

Siku kumi na nne zinatosha. Takeni nukuu iwe halali kwa siku 60, na ziambatanishwe hati ya usajili wa kampuni au jina la biashara kutoka URSB, ofisi ya serikali ya kusajili biashara, namba ya mlipakodi ya TIN, na anwani za tovuti tatu zilizojengwa na watu walewale watakaofanya kazi yenu. Maswali yapokelewe kwa maandishi hadi siku ya saba, na majibu yatumwe kwa wote bila kumtaja aliyeuliza. Simu ya "mzee, nisaidie kidogo kuelewa" ijibiwe kwa upole kwamba swali liletwe kwa barua pepe. Nukuu ziende kwenye anwani inayofunguliwa na watu wawili kwa pamoja, muda ukishapita.

Kulinganisha: nukuu tatu za Mbarara

Zilikuja nukuu tatu. Ya kwanza ilitaka shilingi 3,200,000 kwa kila kitu, lakini mstari wa leseni uliachwa wazi, na kwenye umiliki mzabuni aliandika kwamba tovuti itakaa kwenye seva yake. Ombi lilikuwa limesema wazi kwamba asiyekubali kifungu cha umiliki hataendelea, hivyo aliondolewa kabla bei yake haijatazamwa.

Ya pili ilikuwa shilingi 6,500,000 bila kodi ya nyongeza, kwa kuwa mzabuni hakusajiliwa, na mwaka wa kwanza wa seva ulikuwa bure. Kwa macho ya haraka imeshinda. Jedwali likaonyesha kwamba seva na matengenezo kwa mwaka wa pili na wa tatu ni 2,400,000 kila mwaka, yaani 4,800,000, na kuhamisha habari ni 25,000 kwa kila moja, ambayo kwa habari 120 ni 3,000,000. Jumla ya miaka mitatu: shilingi 14,300,000.

Ya tatu ilikuwa shilingi 9,000,000 pamoja na kuhamisha habari na matengenezo. Ongeza asilimia 18, ambayo ni 1,620,000, inakuwa 10,620,000. Kikoa, seva na leseni zingelipwa na shirika moja kwa moja kwa watoa huduma, kodi ikiwemo, shilingi 600,000 kwa mwaka, yaani 1,800,000. Jumla: shilingi 12,420,000. Aliyeonekana ghali alikuwa nafuu kwa shilingi 1,880,000.

Kabla ya kusaini, kamati ilifungua kwenye simu ya kawaida zile tovuti tatu za mfano, kisha ikawapigia wenye nazo na kuwauliza swali moja: mara ya mwisho mlipobadilisha maneno kwenye ukurasa, mlifanya wenyewe au mlimtafuta msanidi? Wawili walijibu kwamba hufanya wenyewe. Wa tatu alisema humtafuta msanidi, naye hufika siku ileile. Kamati ililikubali jibu hilo, lakini ikaongeza siku moja ya mafunzo katika mkataba.

Malipo na makabidhiano

Malipo yaligawanywa hivi: asilimia 30 baada ya kusaini na kupokea mpango wa kazi, 40 tovuti ya majaribio ikikamilika, 20 ikienda hewani, na 10 baada ya siku 60. Wasanidi wengi wadogo hawawezi kuanza bila malipo ya awali, na kuwanyima ni kuwaachia nafasi wenye mitaji peke yao. Lakini hiyo 10 ya mwisho isiguswe mapema.

Majaribio yafanywe mahali tovuti itakapotumiwa. Mfanyakazi wa Nakivale alijaza fomu kwa simu yake, kwa Kiswahili, na ofisi ya Mbarara ikasubiri. Haikupata kitu. Ujumbe ulikuwa umeangukia kwenye folda ya barua taka, kwa sababu seva mpya haikuwa imetajwa katika rekodi ya SPF ya kikoa, yaani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua pepe kwa jina hilo, hivyo huduma ya barua pepe ikaishuku. Msanidi alirekebisha rekodi hiyo asubuhi moja, kisha akaongeza nakala ya kila ombi ndani ya tovuti yenyewe ili hata barua ikipotea jina la mwombaji lisipotee.

Siku ya makabidhiano mhasibu, ambaye hakuhusika na kazi hiyo tangu mwanzo, alipewa bahasha yenye nywila na kuambiwa aingie mwenyewe kwenye akaunti ya kikoa, ya seva na ya tovuti, msanidi akiwa amekaa kando bila kugusa kitu. Kisha nakala rudufu ya jana yake ilirejeshwa kwenye anwani ya majaribio. Picha mbili hazikutokea, sababu ikatafutwa na kusahihishwa, na ndipo hati ya mapokezi ikatiwa saini.